Ukumbi mmoja, simu tatu: tarehe hupotelea wapi

Kuna swali dogo ambalo huufanya ukumbi mmoja ukodishwe kwa watu wawili siku moja. Swali lenyewe ni hili: "Jumamosi ile iko wazi?" Kila mtu huliuliza kwa nia njema. Mteja humuuliza meneja, meneja humuuliza karani, karani hutazama daftari na kusema kweli: iko wazi. Lakini kati ya kuitazama tarehe na kuiandika panabaki mwanya. Mwanya huo waweza kuwa wa dakika tano au wa nusu siku, na hapo ndipo anapopenya mteja wa pili.

Wengi wetu tukisikia ukumbi umekodishwa mara mbili husema wafanyakazi ni wasahaulifu, au wamefanya tamaa. Zamani nami nikidhani hivyo. Kisha nikapata kukaa miezi kadhaa Turkana kwa binamu yangu, ambaye husimamia ukumbi huko Nadapal, nikawa namsaidia hesabu. (Nadapal ninayoisema ni ya upande wa Lodwar, si ile ya mpakani na Sudan Kusini, mbele ya Lokichoggio. Majina hufanana, na mteja wa mbali ni vyema aelezwe mapema anakuja Nadapal ipi.) Huko nikaona kwamba watu waangalifu kabisa, wasiosahau wala kudanganya, waweza kuuza tarehe moja mara mbili, kwa sababu utaratibu wenyewe unawaruhusu.

Nitatoa mfano. Tarehe ni za kubuni, lakini mwendo wake ndio ule ule.

Ukumbi una watu watatu wanaopokea maombi. Meneja ana simu yake, na mashirika yote yanamjua yeye. Karani anakaa mapokezi na simu ya ukumbi, na daftari liko mbele yake. Msimamizi wa jiko naye ana simu yake, na akina mama wa harusi humwandikia yeye moja kwa moja kwa WhatsApp, kwa sababu ndiye aliyewapikia shughuli iliyopita. Hali hii si ya Turkana peke yake. Nendeni kumbi zetu za Mombasa, Malindi au Lamu, mtaona mambo ni hayo hayo.

Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi, shirika moja linampigia meneja. Wanataka ukumbi kwa warsha Jumamosi tarehe 13 Desemba. Meneja yuko njiani kwenda Kakuma, safari ya kilomita kama 120 ambayo mtandao wake huja na kuondoka. Anampigia karani: "Dada, Jumamosi ya tarehe 13 iko wazi?" Karani anafungua daftari, ukurasa mweupe. "Iko wazi, bosi." Meneja anawarudia shirika na kuwaambia njooni, akikusudia kuja kuandika atakaporudi jioni.

Saa nne na dakika ishirini, msimamizi wa jiko anapata ujumbe kutoka kwa shangazi ya bibi harusi. Anatoka jikoni, anamuuliza karani lile lile swali. Karani anatazama, na ukurasa bado ni mweupe. Anasema iko wazi. Kwa nini asiseme hivyo? Meneja aliuliza tu, hakumwambia aandike, na watu huuliza tarehe kumi kwa siku wakachukua moja. Shangazi anajibiwa kwamba mambo sawa. Kufikia adhuhuri ameshatuma arubuni, na kadi za harusi ziko kwa mchapaji.

Sasa tafuteni mwenye kosa. Karani alisema kweli mara mbili. Meneja aliuliza kabla ya kuahidi, na msimamizi wa jiko pia aliuliza. Ukiwafokea wote watatu na kuwaambia wawe makini zaidi, wiki ijayo yatatokea tena, kwa kuwa umakini wao hauzibi ule mwanya.

Tiba yake ni kulibadilisha swali. Mfanyakazi asimuulize karani kama tarehe iko wazi. Amwambie: "Niandikie Jumamosi tarehe 13, kutwa, warsha, shirika fulani." Karani ana majibu mawili tu. Ama "Nimeandika, namba yako ni 214," ama "Imeshikwa." Kutazama na kuandika vimekuwa tendo moja, na hakuna wa kuingia katikati. Mteja haambiwi neno la kukubaliwa mpaka namba ipatikane. Kama tungefuata hivyo katika mfano wetu, msimamizi wa jiko angejibiwa saa nne na dakika ishirini kwamba tarehe imeshikwa, na shangazi angetafuta siku nyingine kabla hajatumia hata shilingi.

Ili hili lifanye kazi, daftari liwe moja na mkono unaoandika uwe mmoja kwa wakati mmoja. Karani akienda kula au kuswali, humkabidhi mtu mmoja daftari lenyewe mkononi. Hampelekei picha ya ukurasa. Naisisitiza hii kwa sababu nimeona picha za daftari zikizungushwa katika makundi ya wafanyakazi ili kila mtu aone zilizo wazi. Picha hiyo ni kweli kwa dakika ile iliyopigwa. Baada ya hapo ni habari ya zamani, na mtu atakayeitazama kesho yake akakubali mteja atakuwa ameuza ukumbi kwa kutegemea daftari lisilokuwapo tena.

Daftari lenyewe nalo lina namna ya kupigwa mistari. Kumbi nyingi huandika maombi kwa kufuatana, la leo chini ya la jana, kama kitabu cha wageni. Ukitaka kujua kama tarehe 13 Desemba imechukuliwa, itakubidi upitie kurasa zote, na jicho huruka mstari. Daftari la ukumbi lipangwe kwa siku za shughuli, si kwa siku za kupiga simu. Chukua la kurasa 200, kila kurasa mbili zinazotazamana ziwe wiki moja. Andika siku saba na tarehe zake mapema, na kila siku igawe visanduku vitatu: asubuhi, alasiri, usiku. Wiki ni visanduku 21, mwaka ni kurasa 104, na daftari linabaki. Kila kisanduku kiko mahali pake hata kabla hajaja mteja, na kikishakuwa na jina, mwingine hana pa kuandika.

Kwa nini visanduku vitatu, si kimoja kwa siku? Kwa sababu mgongano mwingine hauko kwenye tarehe, uko kwenye saa za matayarisho, ambazo mteja hazitaji. Warsha ya mashirika huanza saa mbili asubuhi na kuvunjika saa kumi na moja jioni, na meza hupangwa kama darasani. Harusi ya Jumamosi ni habari nyingine. Wapambaji hutaka kuingia tangu Ijumaa usiku, na kwa joto la Lodwar kazi ya kupanda ngazi na kufunga vitambaa haifanyiki mchana kwa raha. Kwa hiyo harusi moja huchukua Ijumaa usiku na Jumamosi yote, visanduku vinne. Karani aviandike vyote vinne kwa namba ile ile. Akiandika Jumamosi peke yake, atakuja mtu wa mkutano wa Ijumaa jioni, apewe, kisha wapambaji wakute viti mia mbili vimejaa watu wanaosikiliza hotuba.

Tukija kwenye malipo, hapa Turkana imenifundisha jambo ambalo kumbi zetu za pwani hazikutani nalo kila siku. Sisi tumezoea kwamba aliyetoa arubuni ndiye mwenye tarehe. Lakini sehemu kubwa ya wakodishaji wa Lodwar na Kakuma ni mashirika yanayohudumia wakimbizi na wenyeji, na shirika halitoi arubuni. Linatoa hati ya kuagiza huduma, ile LPO, na hulipa baada ya shughuli. Hati hiyo hupitia ofisi kadhaa na yaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Wakati huo huo familia inakuja na pesa taslimu mkononi ikitaka siku ile ile. Meneja akishaona noti, na shirika halijaleta karatasi, kishawishi ni kikubwa. Ndipo ukumbi unapouzwa mara ya pili huku watu wakiona kabisa.

Njia iliyofaa ni kutofautisha kushika na kuthibitisha, na kufanya tofauti hiyo ionekane kwa jicho. Ombi jipya huandikwa kwa penseli. Pembeni huandikwa jina la mteja, simu yake, nani aliyelipokea, na siku ambayo kushikiwa huko kunakwisha. Kwa familia, siku tatu za kuleta arubuni zinatosha. Kwa shirika, siku kumi na nne za kuleta hati. Arubuni ikiingia, au hati ikifika ikiwa na tarehe iliyo sawa na ya daftari, karani huandika juu yake kwa kalamu ya wino. Kila asubuhi kabla ya simu kuanza kulia, hupitia penseli zilizofika mwisho, huwapigia wenyewe, na wasiokuwa na jibu hufutwa kwa raba.

Je, akija mtu mwenye pesa juu ya penseli ya mwingine? Asikubaliwe wala asifukuzwe. Mwenye penseli hupigiwa simu na kuambiwa: kuna anayeitaka tarehe yako, leta arubuni au hati kabla ya saa kumi jioni ya kesho, la sivyo itakwenda. Mashirika hulielewa hili vizuri kuliko tunavyodhani. Mara nyingi hati inakuwa imekwisha sainiwa, iko tu mezani kwa mtu ambaye hajaambiwa kwamba kuna haraka. Huyo wa pili naye huandikwa pembeni kama msubiri, bila kupewa namba.

Pesa zenyewe ni mlango mwingine wa kupotelea tarehe. Shangazi akituma arubuni kwenye simu ya msimamizi wa jiko, yeye huhesabu kwamba amekwisha kukodi, na ana haki ya kuhesabu hivyo. Lakini daftari halijui. Kwa hiyo pesa zisipokewe na simu ya mtu binafsi. Ukumbi ukiwa na namba ya Pay Bill ya M-Pesa, mteja huulizwa namba ya akaunti, na hapo huandika ile namba aliyopewa na karani, 214. Malipo yanakuja yakiwa na namba yake. Namba ya Buy Goods haina nafasi hiyo ya akaunti, hivyo karani hubaki kukisia kwa jina la mtumaji, na anayetuma mara nyingi si anayekodi, ni mjomba aliye Nairobi. Pesa ikiingia bila namba, hiyo ni ishara kwamba kuna mtu ameahidiwa ukumbi nje ya daftari. Ifuatiliwe siku hiyo hiyo.

Ujumbe wa WhatsApp nao una dawa yake. Badala ya wateja kuandikia simu tatu, ukumbi uwe na namba moja, na namba hiyo ifunguliwe kwenye vifaa vya wote. WhatsApp inaruhusu akaunti moja iunganishwe na vifaa vinne zaidi ya simu yake, kwa sehemu ya Linked devices. Kila mfanyakazi anaona mazungumzo yote, na anaona kama mwenzake ameshajibu. Lakini msije mkadhani hilo linatosha. Meneja akiwa njiani bila mtandao haoni kilichojibiwa saa moja iliyopita, na ujumbe wake mwenyewe ukikaa na alama ya saa bila hata tiki moja, bado haujatoka kwenye simu. Kadhalika kundi la wafanyakazi: wawili wakiandika "nimechukua tarehe 13" wakati mtandao unasuasua, kila mmoja kwenye simu yake hujiona wa kwanza. Kundi ni la kupelekea maombi kwa karani, si la kushikia tarehe. Asiyempata karani amjibu mteja hivi: "Ombi lako nimelipokea, utapata jibu kabla ya saa kumi." Sijaona mteja aliyekimbia kwa sababu ya jibu hilo.

Vijana wataniuliza kwa nini nang'ang'ania daftari wakati kuna kompyuta. Sina ugomvi na kompyuta, lakini ijulikane inafanya nini. Kalenda ya kawaida ya Google Calendar mnayoshirikiana haimkatazi mtu kuandika shughuli mbili saa moja. Itazipanga ubavu kwa ubavu, basi. Aliyeandika akiwa hana mtandao, yake itaonekana kwa wenzake baadaye. Jedwali la Google Sheets nalo, wawili wakiandika kwenye kisanduku kimoja, hubaki la mwisho, na la kwanza hufunikwa kimya kimya. Litapatikana kwenye historia ya mabadiliko, ila kwa mtu aliyefikiria kwenda kulitafuta. Kama mnalitumia kwa kuongeza mistari, tarehe ikiwa safu ya A na kipindi safu ya B, kanuni hii ya kupaka rangi huonyesha mistari iliyogongana:

```
=COUNTIFS($A:$A,$A2,$B:$B,$B2)>1
```

Inasaidia, lakini inapiga kelele mgongano ukishatokea, haiuzuii. Na ili ione, kipindi lazima kiandikwe vile vile kila mara. Mmoja akiandika "usiku" na mwingine "jioni", itanyamaza. Kwa hiyo hata kwenye jedwali, tarehe na vipindi viandikwe mapema kama kwenye daftari, na haki ya kuandika awe nayo mmoja, wengine wasome tu.

Liko jambo la lugha ambalo halitibiwi na daftari wala kompyuta, nalo linatuhusu sisi hasa. Mpwani akikwambia "usiku wa Ijumaa", anaweza kuwa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ukutani ni Alhamisi. Karani wa Lodwar akisikia hivyo huandika Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Wote wawili wako sawa kwa lugha zao, na ukumbi una kisanduku kimoja kilichoandikwa bure na kingine kilichoachwa wazi kwa mtu mwingine. Saa nazo ni hivyo hivyo. Ujumbe unaosema "saa 2" kutoka kwa mama wa harusi ni saa mbili asubuhi au usiku. Kutoka kwa ofisa wa shirika aliyezoea saa za Kiingereza huenda ni saa nane mchana. Kwa hiyo kila aliyepewa namba hutumiwa ujumbe wenye siku, tarehe, mwezi kwa jina, na saa kwa namna mbili:

"Namba 214. Ukumbi umeshikwa kwa ajili yako Jumamosi tarehe 13 Desemba 2025, kuanzia saa mbili asubuhi (08:00) hadi saa tano usiku (23:00). Wapambaji wataingia Ijumaa tarehe 12, saa mbili usiku (20:00). Tafadhali jibu NDIYO kama ni sahihi."

Mwezi uandikwe kwa jina kwa sababu 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Na jibu la NDIYO lisubiriwe. Ujumbe usiojibiwa, penseli haigeuki wino hata kama arubuni imekuja, mpaka karani apige simu na kuusoma kwa sauti.

Shughuli za Idd zina hesabu ya peke yake. Anayetaka ukumbi kwa Idd pili hawezi kukupa tarehe moja, kwa sababu mwezi wa Ramadhani ni siku 29 au 30 na hakuna ajuaye mpaka uandame. Hapo karani hushika siku mbili zinazofuatana kwa namba moja, kwa wino zote mbili, na bei huelewana kabla. Siku isiyotumika haiuzwi kwa mwingine mapema kwa kubahatisha. Mwezi ukitangazwa usiku, asubuhi yake huachiwa, na mara nyingi haipati mteja kwa muda huo mfupi. Ndiyo maana bei ya Idd huwa juu kidogo, na mteja akielezwa sababu hakatai.

Mwisho ni ukaguzi wa Jumatano. Karani huchukua taarifa ya malipo ya wiki, mazungumzo ya WhatsApp na daftari, akavilinganisha kwa namba. Kila namba yenye wino iwe na arubuni au hati, na kila malipo yawe na namba. Kisha huwapigia wote wenye shughuli kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Akipatikana hata mmoja anayesema "nami nilishaambiwa na meneja" wakati hana namba, zimebaki siku mbili za kumtafutia ukumbi mwingine au kumsogeza siku, na ukumbi ndio unaogharimia tofauti ya bei, kwa kuwa ahadi ilitoka kwa mtu wake. Mwenye namba hasogezwi, hata kama yule mwingine ndiye mkubwa zaidi au ndiye analipa vizuri zaidi. Binamu yangu aliwahi kumkatalia mtu mzito kwa ajili ya harusi ya mlinzi wa usiku. Mtu huyo alikasirika, akahamia ukumbi mwingine wiki ile, na mwezi uliofuata akatuma karani wake kuomba namba.